Kumbukumbu za usaili: namna ya kuziandika ili uamuzi wa kuajiri uweze kuelezwa baadaye

Barua ya malalamiko ya mwombaji aliyekosa kazi haifiki siku ya pili baada ya usaili. Hufika baada ya wiki kadhaa, wakati wajumbe wa jopo hawakumbuki tena nani alisema nini kati ya watu wanane waliokaa kwenye kiti kilekile siku moja. Kinachobaki ni karatasi. Kama kwenye karatasi ya mtu huyo kuna "hajiamini" na alama 2, mwajiri hana cha kueleza, hata kama uamuzi wenyewe ulikuwa wa haki.

Kwa Tanzania Bara uzito wa jambo hili umo ndani ya kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kinakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, ujauzito, ndoa au majukumu ya familia, dini, kabila au mahali mtu anakotoka, ulemavu, umri, VVU na mengine kadhaa. Katika kifungu hicho neno mwajiriwa linamjumuisha pia mwombaji wa kazi, na taratibu za usaili na vigezo vya kuchagua vimo. Tena mlalamikaji akishaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba haukutokea. Kenya nayo, katika kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007, inamlinda mwombaji na inamtwika mwajiri mzigo huohuo.

Mwongozo huu ni wa kampuni binafsi, shule, hospitali na mashirika yanayojiajiria yenyewe. Ajira za serikali zina utaratibu wake. Mfano tutakaoufuata mwanzo hadi mwisho ni wa nafasi moja ya mtunza ghala kwenye kampuni ya usambazaji wa bidhaa za nyumbani: waombaji wanane waliopita mchujo, jopo la watu watatu.

Kabla ya usaili: vigezo, uzito na fomu

Kumbukumbu nzuri huanza kabla mtu yeyote hajaingia chumbani. Vigezo vitoke kwenye tangazo la kazi, visizidi vitano, na kila kimoja kipewe uzito siku usaili haujaanza. Kwa mtunza ghala wetu ni hivi: hesabu na leja 30, kupokea na kutoa mzigo 25, kutumia kompyuta 20, upangaji na usalama wa ghala 15, mawasiliano 10. Jumla 100. Karatasi hiyo iwekwe tarehe na sahihi za wajumbe wote watatu. Sahihi hizi zina kazi: zinaonyesha kwamba uzito haukupangwa baada ya kumjua mshindi.

Kisha eleza alama maana yake. Kipimo cha 1 hadi 5 kisicho na maelezo ni hisia iliyovishwa namba. Kwa kila kigezo andika walau jibu la 1, la 3 na la 5 linafananaje. Kwa hesabu na leja tuliandika: 1 ni anayeongea kwa jumla bila kutoa tukio lolote; 3 ni aliyehesabu upya, akafuatilia hati na kutoa taarifa; 5 ni aliyefanya hayo yote, kisha akabadilisha utaratibu ili kosa lisijirudie. Alama 2 na 4 ni za katikati. Mistari mitatu kwa kigezo inatosha.

Fomu yenyewe iwe nusu ukurasa wa A4 kwa kila swali, swali likiwa limeshachapwa juu. Igawe kwa mstari wa wima. Upande wa kushoto, ulio mpana, ni wa alichosema mwombaji. Upande wa kulia, mwembamba, ni wa alama na sababu yake. Mgawanyo huu unakulazimisha usichanganye jibu na hukumu yako. Kichwani mwa ukurasa wa kwanza weka namba ya nafasi, namba ya mwombaji, tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, na jina la msaili. Tumia namba ya mwombaji badala ya jina lake kwenye kurasa zinazofuata. Usiandike chochote kwenye wasifu wake: maandishi ya pembeni mwa wasifu ndiyo yanayosahaulika, na ndiyo yanayoibuka vibaya.

Maswali ni yaleyale kwa wote, kwa mpangilio uleule. Sharti la kazi linaloweza kumgusa mtu kifamilia au kidini liulizwe kama sharti, kwa kila mtu. Ghala letu hupokea magari Jumatatu na Alhamisi kuanzia saa 12 asubuhi. Swali likachapwa hivi: "Siku za mzigo kazi inaanza saa 12 asubuhi. Utaweza?" Fomu ina sehemu ya ndiyo, hapana, na alichoongeza. Hakuna haja ya kumuuliza mtu ana watoto wangapi.

Ndani ya chumba: andika maneno, acha tabia

Anayeuliza swali hawezi kuandika vizuri. Kwa hiyo gawaneni: mmoja anauliza, mwingine anaandika kwa kirefu, wa tatu anaandika kwa ufupi, na mnabadilishana swali hadi swali. Wote watatu wawe na maandishi ya maswali yote, ila kwa kila swali pawepo angalau mmoja mwenye maelezo kamili. Mwambieni mwombaji mwanzoni kwamba mtakuwa mnaandika, asidhani mnampuuza mkiinamisha kichwa.

Huhitaji kuandika kila neno. Kamata vitenzi, namba, majina ya hati na vifaa, na kipande kimoja au viwili vya maneno yake mwenyewe ndani ya alama za kunukuu. Akichanganya Kiswahili na Kiingereza, andika alivyosema. Ukitafsiri unaanza kumsahihisha au kumharibia bila kujua.

Tuangalie swali moja kwa karibu. Mwombaji 07 aliulizwa: "Tueleze mara ya mwisho hesabu ya ghala ilipokataa kulingana na leja. Ulifanya nini?" Haya ni maandishi ya msaili wa kwanza:

"Ana uzoefu kiasi, anaeleweka, ila si mtu wa kuchukua hatua. 2."

Na haya ni ya msaili wa pili, kwa jibu lilelile:

"Sabuni pungufu katoni 12. Alihesabu tena na mlinzi. Akapitia hati za kutoa mzigo za wiki 2. Moja haikuingia kwenye leja, katoni 10. Katoni 2 hazikupatikana. Ripoti kwa mhasibu siku hiyohiyo. D: ulibadilisha nini baadaye? 'Hakuna, niliwaambia tu wawe makini.' Alama 3: alifuatilia hati na kuripoti, hakuna utaratibu mpya."

Wa kwanza anaweza kuwa aliona jambo lilelile aliloliona wa pili. "Si mtu wa kuchukua hatua" pengine ni lile jibu la mwisho. Lakini karatasi yake haisemi hivyo, na mtu wa nje atauliza: si mtu wa kuchukua hatua kwa sababu gani? Ya pili inajibu kabla haijaulizwa. Angalia pia kwamba ukisoma maelezo yake pamoja na kipimo, unaweza kufika kwenye alama 3 wewe mwenyewe ingawa hukuwepo.

Ile D ina maana ya kudodosa: msaili alimsukuma mwombaji kwa swali la ziada. Iandike kila mara. Mwombaji aliyetoa jibu mwenyewe na aliyetolewa jibu kwa maswali matatu hawako sawa, na pia waombaji wote wanapaswa kupewa nafasi zinazokaribiana za kudodoswa. Ukipitia fomu nane ukakuta mmoja ana D sita na mwingine hana hata moja, umegundua tatizo la haki ambalo alama peke yake zisingekuonyesha.

Kuna tofauti nyingine ambayo wasaili wengi huipuuza. "Hakujibu" na "hatukumuuliza" ni vitu viwili, lakini nafasi tupu kwenye fomu inaweza kuwa chochote kati ya hivyo. Muda ukiisha kabla ya swali la mwisho, andika "halikuulizwa, muda umekwisha", na swali hilo lisihesabiwe kwa mtu yeyote kwenye mashindano hayo. Kumpa mwombaji sifuri kwa swali ambalo hakulisikia ni kosa lisilo na utetezi.

Maneno ya kuyaepuka yanajulikana, lakini yanarudi yakiwa yamejificha. "Hataendana na timu yetu." "Kijana mno." "Ana elimu kubwa, ataondoka." "Lafudhi nzito." Hilo la mwisho, kwa kazi ya ghala, ni njia fupi ya kuandika mahali mtu alikotoka. Kama kigezo ni mawasiliano, andika kilichotokea: "Aliulizwa hatua za kupokea mzigo, alizieleza bila mpangilio, ilibidi arudie mara mbili, D mara 3." Mavazi, uzuri, harufu ya manukato na aina ya simu havina kigezo, kwa hiyo havina mstari. Alama za siri nazo zisiwepo: nyota, duara, herufi moja pembeni. Mwenye kuziandika akiulizwa maana yake miezi mitatu baadaye, hata jibu la kweli litasikika kama la kubuni.

Mwombaji mwenyewe akitaja ujauzito, dini au maradhi bila kuulizwa, usiandike kwenye fomu ya alama, na msiendelee na mada hiyo. Akiomba kusaidiwa, kwa mfano chumba cha chini kwa sababu anatumia kiti cha magurudumu, ombi hilo liandikwe kwenye karatasi tofauti inayobaki kwa afisa utumishi, pamoja na kilichofanyika. Wanaotoa alama hawaihitaji wakati wa kuhesabu.

Na mjumbe akiteleza akauliza swali lisilofaa? Ilitokea kwa mwombaji 07: mjumbe mmoja alimuuliza nani atabaki na mtoto siku za mzigo. Mwenyekiti amkatishe palepale, amwambie mwombaji asijibu, kisha aandike kwenye karatasi yake: saa 5:20, swali lililoulizwa, nani aliuliza, kwamba limeondolewa na halitahesabiwa. Kishawishi cha kulificha ni kikubwa. Lakini mwombaji alilisikia na atalikumbuka kuliko mtu yeyote chumbani. Fomu tatu zisizolitaja, zikikutana na ushuhuda wake, zitafanya hata maelezo mengine ya kweli yatiliwe shaka.

Dakika 15 baada ya kila mtu

Ratiba inayoleta waombaji mmoja baada ya mwingine bila pumziko ndiyo inayozaa kumbukumbu mbovu, kwa sababu alama zote hutolewa jioni, zikifuata nani alikuwa wa mwisho na nani alichekesha. Acheni dakika 15 kati ya mtu na mtu. Dakika tano za kwanza ni za kimya: kila msaili anakamilisha sentensi zilizokatika na kutoa alama zake peke yake, kwa kalamu ya wino, kabla hajasikia za mwenzake. Hapo anatia sahihi.

Baada ya hapo ndipo mnazungumza. Pale mlipotofautiana kwa alama 2 au zaidi, someni maandishi ya kushoto kwa sauti. Mara nyingi mtakuta mmoja hakusikia kitu au kipimo kilieleweka tofauti. Mkiafikiana, alama ya pamoja inaandikwa kwenye karatasi ya jumla. Alama ya awali ya mtu mmoja mmoja inabaki kwenye fomu yake kama ilivyo.

Anayetaka kubadilisha alama yake mwenyewe apige mstari mmoja juu ya ile ya zamani ili iendelee kusomeka, aandike mpya, herufi za jina lake, saa na sababu: "2 → 3, 5:45, sikusikia kuhusu hati za kutoa mzigo." Wino mweupe wa kufutia usiingie chumbani. Na msiandike nakala safi usiku halafu mkatupa zile zenye mikwaruzo. Karatasi iliyopangika mno, yenye mwandiko mmoja na wino mmoja kwa watu wanane, humwambia msomaji kwamba iliandikwa baada ya uamuzi. Mnaotumia kompyuta, kila msaili awe na faili lake, lihifadhiwe kama PDF siku hiyohiyo kabla ya majadiliano.

Kundi la WhatsApp la jopo ni mtego. "Huyu wa tatu sijampenda" ni kumbukumbu ya usaili kama ilivyo fomu, na iko kwenye simu tatu. Kundi libaki kwa ratiba tu.

Kabla ya kuondoka, fanyeni ukaguzi mmoja ambao hauchukui hata dakika kumi: hesabuni mistari ya maelezo kwa kila mwombaji. Mshindi mwenye ukurasa mzima na waliokosa wenye mistari miwili miwili ni dalili kwamba jopo liliacha kusikiliza mapema. Mwanya huo hauzibiki kwa kuongeza maneno baadaye. Unachoweza ni kuusema waziwazi kwenye taarifa, na safari ijayo kubadilisha zamu za kuandika. Dalili nyingine ni alama za wasaili watatu kufanana kabisa kwa kila swali. Watu watatu waliopima kila mmoja peke yake hawafanani hivyo.

Taarifa ya uamuzi

Hii ni ukurasa mmoja au miwili, iandikwe siku hiyo au kesho yake. Ina jedwali la alama zilizoafikiwa, na sentensi mbili kwa kila mwombaji zinazorejea kigezo. Kwa mfano wetu, waliokaribiana walikuwa hawa:

| Kigezo (uzito) | Mwombaji 03 | Mwombaji 07 |
|---|---|---|
| Hesabu na leja (30) | 4 → 24 | 3 → 18 |
| Kupokea na kutoa mzigo (25) | 4 → 20 | 4 → 20 |
| Kompyuta (20) | 4 → 16 | 3 → 12 |
| Upangaji na usalama (15) | 4 → 12 | 5 → 15 |
| Mawasiliano (10) | 3 → 6 | 3 → 6 |
| Jumla | 78 | 71 |

Hesabu ni alama kugawanya kwa 5, mara uzito. Maelezo ya 07 yalisomeka: "Alikuwa bora kuliko wote kwenye upangaji na usalama. Alizidiwa kwenye leja, ambako hakuonyesha mabadiliko ya utaratibu baada ya upungufu, na kwenye zoezi la kompyuta, ambako aliingiza hati 6 kati ya 10 kwa muda uliotolewa." Jambo zuri limeandikwa pia. Taarifa inayomsema aliyekosa kwa mabaya tu haiaminiki.

Mkimchagua mtu asiye na alama za juu, sababu lazima iwe kwenye vigezo vilivyotiwa sahihi mwanzoni au kwenye hatua iliyotangazwa, kama uhakiki wa vyeti au wa wadhamini. "Meneja alimpendelea" nayo ni sababu, ila haifai kuandikwa wala kutendwa.

Kuhifadhi, na barua ikifika

Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60, na Tume inaweza kuruhusu uliochelewa kukiwa na sababu ya msingi. Kwa hiyo kutupa karatasi baada ya miezi miwili ni mapema mno. Sisi hupendekeza mwaka mmoja kwa waliokosa, na zaidi ikiwa kuna malalamiko, hadi yaishe. Kuweka milele pia si sawa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haitaki taarifa za mtu zikae kupita haja yake. Inampa pia mhusika haki ya kuomba taarifa zake, na ulichoandika juu yake ni taarifa zake. Muda uandikwe kwenye sera, kabati lifungwe, na anayeazima faili atie sahihi. Siku ya kuteketeza, andika tarehe, nafasi na aliyefanya.

Mwombaji 07 aliandika baada ya wiki tano: alinyimwa kazi kwa sababu ana mtoto mdogo, na aliulizwa kuhusu mtoto. Hatua ya kwanza ni kuzuia faili lisiguswe: hakuna kuongeza neno, hata la kweli. Msaili akikumbuka jambo jipya, aliandike kwenye karatasi nyingine yenye tarehe ya leo na jina lake. Halafu afisa ambaye hakuwa kwenye jopo asome fomu zote nane, siyo ya 07 peke yake, akitafuta mambo matatu: je, swali la saa 12 asubuhi liliulizwa kwa wote; je, majibu yanayofanana yalipewa alama zinazofanana; je, mjumbe aliyeuliza kuhusu mtoto alimpa alama za chini kuliko wenzake?

Hili la tatu ndilo lenye uzito. Fomu zilionyesha kwamba mjumbe huyo, ambaye ndiye msaili wa kwanza, alimpa 2 kwenye leja wakati wenzake walimpa 3, na maelezo yake ndiyo yale ya "si mtu wa kuchukua hatua". Alama iliyoafikiwa ilikuwa 3, na tofauti ya 78 na 71 inatoka kwenye leja na zoezi la kompyuta lililosahihishwa kwa hesabu ya hati. Hata fomu za mjumbe huyo zikiondolewa kwa waombaji wote na alama zikahesabiwa upya, 03 anabaki juu. Hesabu hiyo ifanywe kweli na iambatanishwe. Ingegeuza mpangilio, mwajiri angepaswa kulijua hilo kabla ya kwenda CMA, na kuzungumza na 07 mapema.

Jibu kwa mwombaji liwe fupi: vigezo na uzito wake, alama zake kwa kila kigezo, sehemu mbili alizozidiwa na maneno ya jibu lake mwenyewe, kukiri kwamba swali kuhusu mtoto liliulizwa na halikupaswa kuulizwa, na hatua iliyochukuliwa. Majina na majibu ya waombaji wengine hayatajwi. Sababu zilizo kwenye barua ziwe zilezile zilizo kwenye fomu, kwa maneno yaleyale. Sababu mpya ikionekana kwa mara ya kwanza kwenye barua, mtu wa CMA ataiuliza ilikuwa wapi siku ya usaili.